Shemeji, Mizani na Dakika za Fundi

Nataka kuwaelezeni habari za shemeji yangu, lakini nitaanza na mimi, kwa sababu nisipojitanguliza mwenyewe sina hakika kama kuna atakayenikumbuka. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mtaani kwetu, upande wa pumzi na viungo. Cheti ninacho. Nilikipata kwenye mafunzo ya wiki mbili, na siku nilizohudhuria nilihudhuria kwa moyo wote. Wachezaji wananiita Mjomba, wenye heshima na wasio na heshima, na tumbo langu linalotangulia kufika uwanjani wamelipa jina lake ambalo sitaliandika hapa.

Sasa shemeji. Ni mke wa mdogo wangu, dereva wa lori ambaye kwa mwezi analala nyumbani siku sita. Shemeji ni muuguzi pale zahanati, chumba cha wagonjwa wa kuhara na kutapika, mwaka wa ishirini na moja sasa. Ni mwembamba, sauti yake ya chini, na ana tabia moja ya kukutazama mpaka ukamilishe uongo wako, halafu ndiyo aseme "haya". Timu ilimpata kwa ajali: alikuja kumshona mchezaji aliyepasuka nyusi, akamwona mwingine amekaa chini anatetemeka na hakuna aliyemjali, akaudhika. Wiki iliyofuata akaja na mizani ya kupimia watu, ile ya kusimama juu, akaiweka juu ya ubao mbele ya chumba cha kubadilishia nguo.

Tangu hapo hakuna mchezaji anayeingia mazoezini bila kupanda mizani, na hakuna anayetoka bila kupanda tena. Viatu nje, jasho linafutwa kwa taulo, neno ni moja tu: "Panda." Kilo anaziandika kwenye daftari la shule lililofunikwa gazeti. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa sauti, wachezaji wote wakisikia, kama amehamia biashara ya bucha. Walicheka sana. Yeye akasema, "Panda na wewe, shemeji, tujue nyama iko wapi." Walicheka zaidi, na mimi tangu siku ile nikawa na kisirani na kile chombo.

Mwezi wa kufunga ulipokaribia, Kocha mkuu aliniita. Kocha ni mtu wa kanisani, mstaarabu, hapendi kuingilia dini ya mtu. Alisema kikosi chake cha kwanza kina watu watano wanaofunga, na mechi ya kufa na kupona iko Jumamosi ya pili ya mwezi: tukipata hata pointi moja tunabaki kwenye daraja letu, tukikosa tunashuka. Yeye mfungo haujui. "Wewe unaujua, Mjomba," aliniambia. "Nipangie."

Mtu mwenye akili angesema, ngoja nikaulize. Mimi nilivuta pumzi, tumbo likapanda, nikaanza kumhadithia enzi zetu. Nilimwambia tulikuwa tunafunga na kukimbia saa nane mchana, jua la utosi, na jioni tunacheza mechi tunashinda tatu bila. Nilitia chumvi mpaka mwenyewe nikasikia kiu. Kweli tulikuwa tunafunga, na kweli nilikuwa kwenye timu ile. Ila enzi hizo ratiba yangu ya mchana wa mfungo ilikuwa kulala chini ya ngazi za jukwaa, na mwalimu wetu alipokuja kunitafuta nilijitia naswali. Hilo sikumwambia Kocha. Hakuuliza.

Kwa hiyo niliacha mazoezi saa ile ile ya kila siku, saa tisa alasiri. Na juu yake nikaongeza uvumbuzi wangu, ambao niliuita Mpango wa Ngamia. Hesabu yake ni rahisi hata kwa mtu wa wiki mbili. Ngamia anakunywa mara moja anasafiri siku nzima. Basi kila anayefunga aamke daku, dakika chache kabla ya alfajiri, anywe lita tatu za maji mfululizo. Tangi linajaa, gari linaondoka. Niliwaandikia kwenye kundi letu la simu kwa herufi kubwa, na ili kuwa mfano nikasema mimi mwenyewe nitaanza.

Lita ya kwanza ilipita kwa raha. Ya pili niliinywa nimesimama. Ya tatu niliinywa kwa ajili ya heshima yangu tu. Alfajiri ile msikitini, kila niliporukuu nilisikia bahari inahama kutoka upande mmoja wa mbavu kwenda wa pili, na kwenye sijda nilimwomba Mola mambo mawili, la kwanza msamaha, la pili imamu asome sura fupi. Tulipotoa salamu nilitoka kama niliyesikia nyumba yangu inaungua. Chooni nikakuta foleni. Kwenye foleni walikuwapo wanne kati ya wachezaji wangu watano, wote wamebana magoti, wote hawanisalimii.

Saa tisa alasiri kiu ilikuwa ile ile ya siku zote. Maji yote yalikwishaondoka kabla ya saa mbili asubuhi.

Shemeji alizipata habari hizo kabla hajavua viatu vyake vya kazini. Aliniita pembeni, kwa adabu, ili wachezaji wasisikie, jambo ambalo mimi nisingemfanyia yeye. Akaniambia chumba chake kule zahanati kila siku kinapokea watu waliokauka, na hakuna hata mmoja anayepewa jagi zima alimalize. Anapewa kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu mwili ukiletewa maji mengi kwa mpigo unayatoa. Wachezaji waanze kunywa tangu futari, glasi moja na tende, halafu waendelee kila baada ya muda hadi daku, pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida na matunda, ili maji yapate kitu cha kuyashika. Chai nyingi za daku wapunguze. Daku yenyewe waicheleweshe, wale kitu kinachokaa tumboni, wasilale moja kwa moja hadi alfajiri wakairuka. Na kila mtu atazame mkojo wake: ukiwa na rangi ya chai, anadaiwa maji.

"Na saa tisa alasiri," alimalizia, "ni saa ya kumtesa mtu. Wakimaliza mazoezi wanasubiri muda wa saa moja na nusu hawajagusa tone."

Nilimjibu kwamba mambo ya kuhara ni ya kuhara na mambo ya mpira ni ya mpira. Akanitazama. Akasema "haya".

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini mimi sikuumbwa kwa ukawaida. Siku ya sita ya mfungo nikaamua kuwapima pumzi. Kipimo chetu ni mbio za mlio: unaweka alama mbili, mita ishirini kati yake, simu inalia, mchezaji anakwenda, inalia, anarudi, na kila baada ya dakika moja hivi milio inakaribiana zaidi. Anayechelewa mlio mara mbili ametoka, na hatua aliyofikia inaandikwa. Niliwapima wote pamoja, wanaofunga na wasiofunga, saa tisa na nusu, jua likiwa halina mchezo.

Wasiofunga walifika wanakofika siku zote. Wale watano waliporomoka kama nguo kwenye kamba iliyokatika. Na aliyeporomoka kuliko wote alikuwa Fundi.

Fundi ni fundi cherehani, ana kibanda cha kushona suruali na sare za shule karibu na stendi. Miaka thelathini na tatu, kiungo wa kati, mtu ambaye mpira ukimfika unatulia kama mtoto aliyefika kwa bibi yake. Kwenye mbio za mlio hajawahi kushuka chini ya hatua ya kumi. Siku ile alitoka hatua ya sita, akasimama ameshika magoti, na midomo imekuwa myeupe. Nilimpigia kelele mbele ya watu kwamba uzee umeshamkuta. Alikwenda kwenye mizani, akapanda.

Nilinakili zile namba kwenye karatasi safi, nikazichorea na mstari kwa rula, nikampelekea Kocha. Nilitembea kama ninayepeleka barua ya ikulu. Kocha alisoma muda mrefu. Akasema namba hazidanganyi. Kama watu wameshuka hivi hawezi kuwaingiza kwenye mechi ya kufa na kupona. Hata kama roho inamuuma, Jumamosi wanne kati ya wale watano watakaa benchi, na Fundi hatakuwamo kabisa. Aliandika hivyo mbele yangu. Akanishukuru kwa kazi nzuri ya kitaalamu.

Mimi, mnajua, nilifurahi. Kwa nusu saa hivi nilikuwa mtaalamu.

Nusu saa ile iliisha Fundi aliponikuta nakusanya koni. Habari zilishamfikia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua koni mbili akanisaidia kuzipanga, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitambaa:

"Mjomba, nikila mchana kuanzia kesho, jina langu litarudi?"

Nina majibu ya kila kitu, wanaonijua watakuambia. Ukiniuliza njia ya mahali nisipopajua nitakuelekeza. Lakini swali lile nililijibu kwa kuhesabu koni upya. Fundi alipanga koni moja juu ya nyingine. Akaendelea kusema kwamba tangu ana miaka kumi na mbili hajaacha funga hata moja bila ugonjwa, na kwamba hii ni ligi yake ya mwisho, magoti yanamwambia hivyo, na hakutegemea kuwa funga na mpira vitafika mahali pa kushindanishwa. Akasema kama ni lazima achague, angependa ajue leo, asije akakosa vyote viwili.

Nilimwambia aende akafuturu, tutaongea. Ndiyo hekima yote iliyonitoka.

Usiku ule niliacha sahani nusu. Mke wangu aliuliza kama naumwa. Nilisema ni gesi. Nilipomaliza kuswali nilivuka ukuta unaotenganisha nyumba zetu, nikaenda kwa shemeji. Alikuwa amekaa jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maana siku nzima amesimama. Nilianza kwa mbali, nikapitia hali ya hewa, nikapitia lori la mdogo wangu. Mwishowe nikasema lote, hata lile la ngazi za jukwaa.

Hakucheka. Alinyoosha mkono akavuta daftari lake, akafungua ukurasa wa siku ile. Fundi alikuwa amepoteza kilo moja na nusu kwenye kipimo changu, na alikuwa amekwisha kuingia uwanjani akiwa mwepesi kuliko siku zote, kwa sababu ya lile tangi langu la ngamia, yaani alianza kukauka kabla hata hajakimbia.

"Shemeji, wewe ulipima kiu," alisema. "Halafu ukaandika juu yake pumzi."

Alinieleza nini cha kufanya, na nilisikiliza kama mwanafunzi, jambo ambalo kwenye mafunzo ya wiki mbili sikulifanya. Anayetaka kujua uwezo wa mtu anayefunga ampime akiwa amekula na kunywa, muda wa saa mbili na nusu au tatu baada ya futari. Mazoezi ya siku za kawaida yahamie saa kumi na moja na robo, dakika hamsini tu, ya kugusa mpira na mipango ya kona, bila mbio za kuua, yaishe karibu na adhana ili mtu akitoka tu anakunywa. Yale ya jasho yawe mara mbili kwa wiki, baada ya tarawehe. Mchana baada ya adhuhuri wenye nafasi walale kidogo, maana usingizi wa usiku umekatwa vipande. Kila kilo iliyopotea irudishwe kwa kama lita moja na nusu, lakini kwa kugawanya hadi daku. Na mtu akipata kizunguzungu, au akiacha kutoka jasho kwenye joto, au akianza kujibu hovyo, mchezo umekwisha kwake na anapewa maji palepale. Kuhusu hilo la mwisho alishamuuliza imamu, naye akamwambia anayeogopa kudhurika anafungua na atailipa siku nyingine, hakuna ugomvi.

Nikamwomba aende yeye akamweleze Kocha. Nilisema maneno ya kitaalamu yanapendeza zaidi yakitoka kwa muuguzi.

"Karatasi yenye mstari wa rula ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Nikasema yangu.

"Haya."

Asubuhi nilikwenda kwa Kocha kabla hajafungua duka lake la vipuri vya baiskeli. Nilijikaza kisabuni. Nilimwambia namba zile hazina maana, aliyezipima ndiye asiye na maana, na saa ya mazoezi niliipanga kwa ajili ya jina langu na wala si kwa ajili ya wachezaji. Alinisikiliza huku anafungua kufuli, na kufuli lile lilikuwa bovu, kwa hiyo maungamo yangu yalikuwa marefu kuliko nilivyopanga. Aliuliza jambo moja tu: kama enzi zetu tulishinda kweli ile tatu bila. Nikasema tulifungwa.

"Basi tuwapime upya," alisema. "Nikiona namba nyingine nitaamini namba nyingine."

Tuliwapima baada ya tarawehe, taa za uwanja wa shule zikiwaka nusu. Safari hii simu aliishika Kocha mwenyewe, na mimi nilipewa kazi ya kushika koni isianguke. Watano wale walirudi karibu na mahali pao, mmoja hatua nzima, mwingine nusu. Fundi alifika hatua ya tisa, akaingia kwenye ya kumi, akachelewa mlio wa pili. Alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Shemeji akasema, "Panda," wakapanda mmoja mmoja.

Namba zilirudi, lakini Kocha ni mtu wa kufikiri. Akakaa nasi kwenye ngazi akasema Jumamosi mpira unaanza saa kumi na moja jioni, watu watacheza na kiu, si baada ya futari. Matokeo haya ya usiku yanaonyesha mtu ni mzima; hayaonyeshi atacheza dakika ngapi siku ile. Hapo nilifungua mdomo kutoa takwimu, nikaukuta mkono wa shemeji juu ya bega langu, nikafunga mdomo. Yeye akasema hilo ndilo swali la maana. Mtu aliyefunga anaweza kucheza vizuri, ila mbio zake za kasi zinapungua kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo asitegemewe kwa dakika tisini, na asilaumiwe kwa hizo ambazo hana. Wakafanya hesabu. Adhana ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili. Ukitoa mapumziko, hiyo ni kama dakika ya sitini na tano ya mchezo. Watatu waanze, wawili wakae kivulini wakisubiri kuingia adhana ikipita na wamekunywa. Fundi aanze, atoke adhana ikiita. Asipande na kushuka. Akae katikati, mpira umfuate yeye.

Kocha aliandika kwenye karatasi ya kikosi, mbele ya jina la Fundi: 65. Nilimpelekea Fundi mwenyewe. Alitazama ile namba akasema hajawahi kupewa mchezo wenye vipimo kama suruali, lakini afadhali suruali fupi kuliko kutembea uchi.

Jumamosi ilifika. Kabla ya mechi nilikwenda kwa mwamuzi kumwomba tusimame dakika tatu wakati wa adhana. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nahodha wa wapinzani, ambaye naye alikuwa amefunga, alishamwomba kabla yangu, kwa hiyo hotuba yangu ninayo hadi leo, anayeitaka aje. Kupasha misuli tulifanya upande wa kivuli, dakika kumi badala ya ishirini na tano. Shemeji alipanga mataulo yaliyoloweshwa kwenye ndoo ya barafu, ya kuweka shingoni, akawaruhusu kusukutua na kutema, akisimama karibu kuhakikisha ni kutema kweli. Mimi nilijiwekea taulo moja kichwani. Nilikuwa sijakimbia hata hatua, lakini nafasi ya uongozi ina joto lake.

Fundi alicheza kama mtu anayekata kitambaa cha gharama, bila haraka na bila kupoteza kipande. Dakika ya thelathini aliusimamisha mpira kwa mguu wa kushoto, akawatazama mabeki wawili wanavyomjia, akaupitisha katikati yao, na mshambuliaji wetu akamaliza. Bao moja kwa bila. Nilikumbatia watu nisiowajua.

Kipindi cha pili kilipoanza niliona kitu. Pasi zake zilikuwa nzuri, ila alikuwa ameanza kusimama baada ya kila moja, mikono kiunoni. Adhana ilipolia, mwamuzi alipuliza, na wanaofunga wa timu zote mbili wakaja kwenye mstari mmoja. Tende mbili, maji funda kwa funda. Shemeji alipita nyuma yao akinyang'anya chupa kwa kila aliyetaka kuimaliza, akiwaambia tumbo lililojaa halikimbii.

Mchezaji wa kubadilisha alikuwa tayari, amevaa, ameshakunywa. Lakini jukwaa lilikuwa limeona namba ya Fundi ikiandaliwa kwenye kibao cha mabadiliko na likaanza kupiga makelele. Nilisikia jina langu likihusishwa na wanyama mbalimbali. Fundi mwenyewe alisema anaweza kuendelea, ana nguvu, maji yameingia. Kocha alinitazama. "Wewe ndiye uliye karibu naye," alisema. "Amua."

Nataka kusema kweli: moyoni nilitaka abaki. Tukishinda naye uwanjani, hadithi yangu ingekuwa tamu kwa miaka kumi. Nilikuwa naiona kabisa ilivyokaa. Lakini nilimshika Fundi kwenye mkono, na mkono ulikuwa umekauka kama karatasi. Nikamuuliza alivyonifundisha shemeji, polepole, bila watu wengine kusikia, kichwa kikoje.

Alitazama jukwaa. Najua alichokuwa anahesabu. Wiki moja kabla, miguu yake ilisema ukweli mbele yangu nikauandika kwenye karatasi ukamtoa kwenye timu.

"Kinazunguka kidogo," alisema. "Tangu kipindi cha pili kianze."

Nikanyanyua mkono. Kibao kikapanda. Fundi akatoka, akaketi karibu na shemeji na taulo shingoni, na mimi nikaketi peke yangu, kwa sababu kila aliyekuwa karibu nami alihama. Dakika ya themanini na tatu wapinzani wakasawazisha, na bao lilipita pale pale katikati ambapo Fundi angekuwapo. Mzee mmoja nyuma yangu alisema nirudi nikanyweshe ngamia. Sijui habari hizo zilimfikiaje. Zile dakika saba zilizobaki, pamoja na nne za nyongeza, sikuzitazama. Nilitazama kamba za viatu vyangu, na nikagundua sijui kuzifunga vizuri. Filimbi ya mwisho ilipolia, matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Pointi moja. Tumebaki.

Watu waliingia uwanjani kwa furaha. Fundi hakuingia. Alibaki amekaa, anakunywa kikombe chake kidogo kidogo, shemeji akimhesabia, kichwa kimetulia lakini uso haujatulia. Nilijua kwa nini, na safari hii sikuenda kumwambia tutaongea. Nilikaa naye. Nikamwambia nitakachoandika ni kwamba ametoka kwa mpango, na hakuna karatasi nitakayompelekea Kocha kuhusu kichwa chake isipokuwa ile ya kumwambia alisema kweli. Alitikisa kichwa, nadhani hakuniamini sana. Nami ningekuwa yeye nisingejiamini.

Jumatatu, saa kumi na moja na robo, Kocha alisoma kikosi cha mechi ya mwisho wa wiki. Mechi haina uzito tena, lakini kikosi ni kikosi. Alisoma jina la Fundi la nne, kwenye nafasi yake ile ile, akaweka mbele yake 65. Fundi alikuwa anafunga kiatu. Akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Kocha, sitini na tano nyingi," alisema. "Zile tano za mwisho sikucheza, nilikuwa namtazama Mjomba tu anyanyue mkono."

Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote ili utani ule usinikae. Shemeji hakucheka, alikuwa anaandika. Kocha alinipa kalamu, akasema mtaalamu wa pumzi arekebishe. Nikakata ile namba, nikaandika sitini. Bila rula.